Video haifunguki: kubadilisha programu, kuhamisha kontena au kukonverti?

Wiki iliyopita profesa mmoja wa fizikia alipanda hadi kwenye sekretariati yangu hapa Kadutu, flashi mkononi. Alikuwa amewarekodi wanafunzi wake wakidondosha mpira darasani, akitaka kuupima mwendo wake kwa programu ya Tracker. Kwenye simu video inacheza vizuri. Kwenye kompyuta ya shule, programu inakataa hata kuifungua. Kijana wa jirani alikuwa ameshamsaidia kwa njia anayoijua kila mtu Bukavu: alibadilisha jina la faili kutoka mpira.mov kuwa mpira.mp4. Programu ikakataa vilevile.

Faili za namna hii naletewa karibu kila siku, na mteja huwa amesimama kwenye njia panda tatu: atafute programu nyingine ya kuchezea, ahamishe video kwenye kontena jingine bila kuigusa, au aikonverti yote upya. Kila njia ina ugonjwa inaoutibu, na ukikosea njia unaweza kupoteza saa tatu za umeme na bado usione kitu.

Kwanza tujue kilichomo ndani

Chukua barua. Bahasha ni kontena: MP4, MOV, MKV, AVI, MTS. Ndani yake kuna picha, sauti, na orodha inayosema kila ukurasa uko wapi na usomwe saa ngapi. Lugha iliyoandikiwa barua ni kodeki: H.264, HEVC (ndiyo H.265) na nyinginezo. Sauti nayo ina kodeki yake, kwa mfano AAC au AC-3. Bitireti ni wingi wa maandishi kwa kila sekunde, yaani biti ngapi zimetumika kueleza sekunde moja ya picha.

Kwa hiyo barua ya Mashi ukiihamishia bahasha mpya, msomaji asiyejua Mashi bado hataisoma. Na kubadilisha jina la faili si hata kuhamisha bahasha. Ni kufuta maandishi ya juu na kuandika mengine. Kijana wa jirani hakukosea kwa ubaya, lakini ndani palibaki vilevile.

Dalili husema mengi kabla hujagusa kitu. Ukisikia sauti huku kioo ni cheusi, mara nyingi shida ni kodeki ya picha. Picha ikitembea bila sauti, mara nyingi ni kodeki ya sauti. Video ikifunguka lakini inaruka na kuganda, mara nyingi mashine imezidiwa: ama bitireti ni kubwa, ama kodeki ni nzito kwa kompyuta ya miaka ya nyuma. Ila kabla ya kuilaumu video, inakili kwanza kwenye diski ya mashine, kwa sababu flashi za bei rahisi nazo hugandisha. Na ukiona maandishi `moov atom not found`, ile orodha ya kurasa haimo. Hutokea simu ikizimika katikati ya kurekodi, maana MP4 na MOV kwa kawaida huandika orodha mwishoni kabisa. Hapo hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokusaidia. Kuna programu iitwayo untrunc inayojaribu kuijenga upya orodha kwa kuangalia faili nyingine nzima iliyorekodiwa na simu ileile. Wakati mwingine inafaulu.

Kuliko kubahatisha, mimi huiuliza faili yenyewe. Natumia ffprobe, inayokuja pamoja na ffmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video kwa amri za kuandika. Niliirudishia faili jina lake la mpira.mov, kisha nikaandika amri hii profesa akiwa amesimama pembeni:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,r_frame_rate,avg_frame_rate,bit_rate -of default=nw=1 mpira.mov
```

Na jibu lake:

```
codec_name=hevc
r_frame_rate=30/1
avg_frame_rate=27/1
bit_rate=8100000
```

Mstari wa kwanza ulieleza kwa nini Tracker inakataa. HEVC ilitoka mwaka 2013, miaka kumi baada ya H.264, na simu nyingi za sasa huitumia kwa sababu inabana picha zaidi. Windows haiji nayo sikuzote, na programu nyingi za uchambuzi zimejengwa juu ya visomaji vya zamani visivyoijua. Mstari wa mwisho ni bitireti: biti milioni 8.1 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate baiti, zidisha kwa sekunde 60, unapata kama mega 61 kwa dakika. Hiyo si kubwa. Mistari miwili ya katikati, 30 na 27, iweke akilini. Ndiyo iliyomtesa profesa baadaye.

Ninalinganisha kwa vigezo gani

Vinne tu. Njia inatibu ugonjwa gani. Inachukua muda gani na umeme kiasi gani, maana hapa kwetu mashine inaweza kuzimika wakati wowote. Inapunguza ubora wa picha au la. Na cha nne, ambacho watu husahau: inagusa wakati wa fremu, yaani saa ya kila picha moja moja ya video, au la. Kwa anayetazama harusi hicho cha nne hakina uzito. Kwa anayepima mwendo ndicho cha kwanza.

Njia ya kwanza: acha faili, badilisha programu

VLC inakuja na visomaji vyake ndani, kwa hiyo inafungua karibu kila kitu: HEVC, MTS ya kamera, AVI za zamani. Kuipakua ni kama mega 40, na hata hizo unaweza kunakili kwa mwenzako kwenye flashi. Ubora haupungui hata chembe na wakati wa fremu unabaki ulivyo, kwa sababu hujaigusa faili.

Kikomo chake ndicho kinachowachanganya wengi. Visomaji vya VLC ni vya VLC peke yake. Haiviazimi kwa programu nyingine. Profesa alikuwa na VLC tayari, na video ilicheza humo bila shida, ndiyo maana alishindwa kuelewa. "Fundi, sasa kama inacheza hapa, kwa nini kule inakataa?" Kwa sababu msomaji wa kule ni mwingine. Vilevile VLC haiipi nguvu mashine dhaifu: HEVC ya 4K kwenye kompyuta ya zamani itaganda humo pia.

Inamfaa anayetaka kutazama tu, na anayetunza video ya tukio ambalo huenda likafika kwa jaji. Huyo wa pili asiiguse faili ya asili kabisa. Hata kuhamisha kontena kunaweza kuacha nyuma baadhi ya taarifa zilizoandikwa na simu.

Njia ya pili: hamisha kontena

Hapa unatoa barua kwenye bahasha moja na kuitia nyingine, bila kutafsiri neno.

```
ffmpeg -i harusi.MTS -c copy harusi.mp4
```

Maneno `-c copy` ndiyo yanayosema: nakili, usikonverti. Kazi inakwenda kwa kasi ya diski. Faili ya giga 2 kwangu ni dakika moja au mbili. Picha ni ileile, biti kwa biti.

Naipenda njia hii kuliko watu wanavyoijua. Mama mmoja wa Nyawera aliniletea harusi ya binti yake kutoka kwenye kamera ya mkononi, faili za MTS, ambazo televisheni yake ilikuwa hata haizionyeshi kwenye orodha. Mahali pengine alikuwa ameambiwa zikonvertiwe usiku mzima kwa malipo ya kila saa. Nikaangalia ndani: picha ni H.264, ambayo televisheni yake inaijua vizuri. Tatizo lilikuwa bahasha peke yake. Tulimaliza kabla chai yake haijapoa.

Kulikuwa na mikunjo miwili hata hivyo. Sauti ilikuwa AC-3. Televisheni ikaisoma, lakini simu ya binti ikacheza picha kimya. Hapo unaacha picha ilivyo na kubadilisha sauti peke yake, kazi ambayo bado ni ya dakika chache:

```
ffmpeg -i harusi.MTS -c:v copy -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4
```

Mkunjo wa pili ulikuwa flashi. Bitireti ya ile kamera ilikuwa biti milioni 17 kwa sekunde, yaani giga 7.6 kwa saa moja, na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi giga 4. Tungeweza kuipanga upya kwa exFAT, lakini televisheni za zamani nyingi haziisomi. Tukaikata harusi vipande: kanisani, mapokezi, zawadi. Mama alisema ni afadhali hivyo, hotuba za wajomba ataziruka kirahisi.

Ugonjwa ambao njia hii haiutibu ni kodeki isiyojulikana. HEVC iliyo ndani ya MOV itakuwa HEVC ndani ya MP4. Kwa profesa ingekuwa sawa na alichofanya kijana wa jirani. Na kuna kontena moja nisilolishauri: AVI. Lilibuniwa kwa kasi moja ya fremu isiyobadilika, halina mahali pa kuandika kwamba fremu hii ilichelewa kidogo. Video ya simu ukiitia humo, wakati wa fremu unavurugika bila onyo.

Njia ya tatu: konverti

Hii ndiyo tafsiri yenyewe. Mashine inasoma kila picha ya HEVC na kuiandika upya kwa H.264. Inatibu karibu kila ugonjwa isipokuwa ule wa orodha iliyopotea: kodeki ngeni, bitireti kubwa mno, picha nzito kwa mashine. Lakini ina gharama. Kwenye mashine yangu ya zamani, saa moja ya video ya 1080p hula kama saa mbili na nusu. Na kila tafsiri inapoteza kitu. Ukikonverti kilichokonvertiwa jana, unapoteza tena.

Kwa kutazama, amri yangu ya kila siku ni hii:

```
ffmpeg -i siku.mov -c:v libx264 -crf 23 -preset fast -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k siku.mkv
```

Angalia kwamba naandika MKV, si MP4. Sababu ni umeme. MP4 huandika orodha yake mwishoni, kwa hiyo mashine ikizimika dakika ya 140 unabaki na faili isiyofunguka, ileile ya `moov atom not found`, safari hii umeitengeneza mwenyewe. MKV huandikwa kipande kwa kipande; kilichokwishaandikwa kinachezeka. Kazi ikimalizika, naihamishia MP4 kwa njia ya pili, dakika moja. Niliwahi kupoteza kazi ya usiku mzima kabla ya kujifunza hilo.

Namba ya `-crf` inachagua ubora, na bitireti inajipanga yenyewe: sehemu tulivu hupewa biti chache, sehemu yenye vurugu hupewa nyingi. 23 ni ya kawaida, 18 ni karibu huoni tofauti na ya asili, na kadiri namba inavyoshuka faili inakua. Bitireti utaipanga kwa mkono pale tu ukubwa wa faili umewekewa mpaka. Tuseme dakika 10 zinatakiwa ziingie kwenye mega 100: zidisha 100 kwa 8, gawanya kwa sekunde 600, unapata biti milioni 1.33 kwa sekunde. Toa za sauti, picha inabaki na 1.2 hivi. Kwa 1080p hiyo ni njaa, utaona vijiboksi kwenye kila kinachotembea. Shusha hadi 720p, picha itatulia. Kupandisha bitireti ya video iliyokwisha kuharibika, kwa mfano iliyopitishwa WhatsApp bila kutumwa kama hati, hakurudishi kitu. Unaongeza uzito tu.

Sasa turudi kwa profesa. Yeye hakuhitaji kutazama, alihitaji kupima, na kukonverti kwa kupima ni kazi nyingine. Alihitaji sekunde 3 tu kati ya dakika nzima:

```
ffmpeg -ss 12 -t 3 -i mpira.mov -an -c:v libx264 -crf 16 -g 1 -pix_fmt yuv420p -fps_mode passthrough mpira.mp4
```

`-an` inaondoa sauti. `-g 1` inafanya kila fremu ijitegemee. Kwa kawaida fremu nyingi huandikwa kama tofauti tu na jirani zake, ndiyo maana kurudi nyuma fremu moja moja kunakwama. Faili inakuwa nzito zaidi kwa sekunde, lakini kwa sekunde 3 nani anajali? Na `-fps_mode passthrough` inaiambia programu ipitishe fremu kwa nyakati zake zilezile, isiongeze wala isipunguze.

Tracker ikafungua. Profesa akapima: mpira uliachiliwa kutoka mita 1.5, ukagusa sakafu baada ya fremu 15. Akaandika fremu 30 kwa sekunde kwenye mpangilio, kwa kuwa simu yake inasema 30. Fremu 15 gawanya kwa 30 ni nusu sekunde. Mara mbili ya 1.5, gawanya kwa nusu iliyozidishwa kwa nusu: mchapuko wa mita 12 kwa sekunde ya mraba. Akanitazama juu ya miwani. Bukavu inapaswa kuwa karibu na 9.78.

Hapo ndipo ile 27 ilipojitokeza. Simu nyingi zikiwa mahali penye giza, kama darasa lenye dirisha moja, hupunguza kasi ili kila fremu ipate mwanga zaidi. Kwa kuwa 27 ni wastani wa faili nzima, niliomba nyakati za fremu zenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 mpira.mov
```

Kuanzia sekunde ya 12 zilifuatana hivi: 12.000, 12.037, 12.074, 12.111. Nafasi ya 0.037 kila mara, yaani fremu 27 kwa sekunde hata pale mpira ulipokuwa hewani. Profesa akabadilisha 30 kuwa 27. Fremu 15 gawanya kwa 27 ni sekunde 0.556, na mchapuko ukawa 9.72.

Usishangilie haraka lakini. Ungehesabu fremu 16 badala ya 15, ungepata 8.5, kwa tofauti ya fremu moja tu. Ndiyo maana haifai kutegemea mwanzo na mwisho peke yake, bali kuweka alama kwenye kila fremu na kuiacha programu ichore mkunjo unaopita kati ya alama zote.

Wengi wangeongeza `-vf fps=30` ili video "iwe 30 kweli". Nyakati kwa jumla zinakuwa sawa, lakini fremu 27 zinafanywa 30 kwa kurudia 3, na mpira unaonekana umesimama hewani fremu mbili kabla ya kuendelea kuanguka. Kwa programu isiyokubali kasi nyingine ni njia ya kukubalika, mradi usiweke alama kwenye fremu zilizorudiwa.

Ufuate ipi

Kama unataka kutazama tu na mashine ina nguvu ya kutosha, njia ya kwanza. Usikonverti kitu ambacho VLC inakifungua.

Kama televisheni au dekoda inakataa faili ya kamera, uliza kodeki kwanza. Ikiwa ni H.264, hamisha kontena, na ukikosa sauti badilisha sauti peke yake. Ikiwa ni HEVC na televisheni haiijui, utakonverti tu, na chagua saa ambazo umeme hutulia.

Kama video inaganda kwenye kompyuta ya zamani, konverti kwa H.264 ya 720p. Kama inatakiwa kutumwa kwa mega chache, anza na hesabu ya bitireti ndipo uchague ukubwa wa picha.

Kama ni ya kupima, kata kipande kifupi, konverti kwa `-g 1`, na usiandike kasi ya fremu kabla ya kusoma nyakati zake. Safari ijayo rekodi nje kwenye jua, na kwenye mipangilio ya kamera ya simu chagua H.264 kama ipo; kwenye iPhone imeandikwa `Most Compatible`. Profesa amesema Jumatano atawatoa wanafunzi uwanjani.